Dawa Inayomaliziwa Jikoni Kwako

Nani kati yetu hajawahi kutoka dirisha la dawa na kichupa cha plastiki chenye unga mkavu ndani, mtoto akiwa mgongoni anachemka homa? Ukikitikisa kinatoa mlio wa mchanga. Umeambiwa utie maji hadi kwenye alama, utikise, umpe mtoto kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Foleni nyuma yako ni ndefu, mtoto analia, maelezo yamekwisha. Umefika nyumbani, sasa inakuwaje?

Leo naomba tuzungumze habari ya kichupa hicho tu. Nataka tukione kama kilivyo: dawa ambayo kiwanda hakikuimalizia. Hatua ya mwisho ya kuitengeneza wamekuachia wewe, mama, baba, bibi au dada wa kazi, jikoni kwako. Ukiifanya vizuri, mtoto anapata kile daktari alichokusudia. Isipofanyika vizuri, mtoto anakunywa kitu kingine chenye ladha ileile ya ndizi au chungwa.

Kwa nini basi kiwanda kisimalizie chenyewe? Kwa sababu dawa nyingi za aina hii, kama amoksilini na ndugu zake wa ukoo wa penisilini, hazikai na maji kwa muda mrefu. Maji yenyewe huivunja dawa polepole, na joto huharakisha uvunjaji huo. Ikiwa kavu, inaweza kukaa rafuni hadi tarehe iliyochapishwa na kiwanda. Maji yakishaingia, uhai wake unahesabiwa kwa siku. Shika hilo moja tu, mengine yote yatafuata.

Tuanze na maji. Tunataka maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa, yakapoa. Kuchemsha maana yake yabubujike kwa dakika moja nzima, si kutoa mvuke tu. Walioko nyanda za juu kabisa, kama Makete au Limuru, wayaache kwa dakika tatu, maana huko maji hububujika kabla hayajapata moto wa kutosha. Yafunike, uyaache yapoe yenyewe. Ukiyaacha wazi, vumbi na nzi watarudisha kile ulichokiondoa kwa mkaa wako.

Na hapo penye neno "yakapoa" ndipo haraka hutuponza. Mtoto anaungua homa, ni usiku, nani ana subira ya kungoja sufuria ipoe? Lakini kumbuka tulivyosema kuhusu joto. Maji ya moto yanaanza kuiharibu dawa kabla mtoto hajaionja. Dondosha tone moja ndani ya kifundo cha mkono. Ukihisi uvuguvugu wowote, bado. Njia rahisi ni kuanza kuchemsha maji kidogo mara ufikapo nyumbani, kabla hujavua hata kanga, na kuitia sufuria iliyofunikwa ndani ya beseni la maji baridi. Kwa maji machache kama hayo, hutangoja sana.

Maziwa, juisi, soda na chai havifai kuchanganyia unga huu. Mtoto akikataa ladha, mwulize mtoa dawa namna ya kumsaidia kunywa, lakini ndani ya chupa yaingie maji matupu.

Sasa tuchanganye. Osha mikono. Kabla hujafungua, shika chupa, igeuze juu chini, igonge taratibu kwenye kiganja mpaka unga wote uliogandia chini ulegee na kucheza. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoacha bonge gumu kitakoni ambalo halivunjiki tena. Bonge hilo ni dawa ya mtoto iliyobaki kwenye chupa.

Fungua, tia maji karibu nusu ya kiasi kinachohitajika. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka usione unga mkavu popote, hata kwenye kona za chini. Weka chupa mezani, ungoje povu litulie. Halafu, macho yako yakiwa usawa wa alama, ongeza maji kidogo kidogo hadi yaguse mstari au mshale uliochorwa kwenye chupa au kwenye lebo. Funga, tikisa tena. Ikiwa baada ya povu kutulia dawa imeshuka chini ya alama, ongeza matone machache mpaka ifike, utikise mara ya mwisho.

Kwa nini tunahangaika na povu? Kwa sababu povu linadanganya. Ukitia maji yote kwa mkupuo na kutikisa, povu linapanda hadi shingoni, unaamini umefika kumbe hujafika. Au unaogopa, unaacha chini ya alama. Vilevile usipime mililita 100 za maji ukazimimina zote kwa kuwa chupa imeandikwa mililita 100. Unga nao una nafasi yake. Mililita 100 ni jumla ya maji na unga kwa pamoja, ndiyo maana tunafuata alama. Chupa nyingine hazina alama ila zina maelezo ya mililita ngapi za maji ziongezwe, na mara nyingine huja na kikombe kidogo cha kupimia. Hapo fuata hiyo namba iliyoandikwa.

Hivi kweli maji kidogo yakizidi kuna shida gani? Hebu tupige hesabu. Huu ni mfano wa hesabu, si dozi ya mwanao. Dozi ya mtoto hutolewa kwa uzito na ugonjwa wake, na wa kuisema ni aliyempima.

Chupa imeandikwa: miligramu 125 kwa kila mililita 5, jumla mililita 100. Maana yake chupa ina vijiko 20 vya mililita 5, na ndani yake kuna miligramu 2,500 za dawa. Hizo 2,500 haziongezeki wala kupungua kwa maji utakayotia. Zinagawanyika tu. Ukijaza hadi shingoni, tuseme mililita 125, umepata vijiko 25, na kila kijiko sasa kina miligramu 100. Mtoto amekosa moja ya tano ya dozi yake kila mara aliponywa, na wewe umempa kwa saa zilezile ulizoambiwa, bila kukosa hata moja. Ukiishia mililita 80, kijiko kinabeba kama miligramu 156, robo zaidi ya alichoandikiwa.

Hesabu hiyohiyo inakupa njia ya kujikagua. Mtoto ameandikiwa kijiko kimoja cha mililita 5 mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Hivyo ni vijiko 15. Chupa iliyochanganywa sawasawa inabakiza vijiko 5, yaani robo ya chupa. Ukimaliza siku tano ukaona kimebaki nusu, au ukakuta kimebaki kijiko kimoja, kuna kitu hakikwenda sawa: maji, kijiko, au siku zilizorukwa. Nenda ukamweleze mtoa dawa, bila aibu. Yuko pale kwa ajili hiyo.

Kijiko nacho tukisemee kidogo. Vijiko vya chai vya majumbani havilingani. Kimoja hubeba chini ya mililita 5, kingine huzidi, na kila mtu hukijaza kwa mkono wake. Tumia kijiko au kikombe kilichokuja na dawa. Kikipotea, omba bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Hilo ndilo sahihi kuliko vyote, hasa kwa mtoto mchanga, na linamfikishia dawa upande wa shavu asiiteme.

Na je, umezidisha maji na umeligundua? Usimimine yaliyozidi, maana unamwaga dawa pamoja nayo. Usiichemshe ipungue. Hakuna namna ya kuirudisha. Rudi dukani au kituoni na chupa yako uombe nyingine. Ukiwa umepunguza maji na bado hujampa mtoto hata kijiko kimoja, ongeza hadi alama na utikise. Kama ameshakunywa, mwulize kwanza mtoa dawa kabla ya kugusa chupa.

Neno moja la tahadhari hapa, kwa kuwa limewachanganya wengi. Si kila dawa ya maji ya mtoto inaongezwa maji. Kotrimoksazoli na metronidazoli kwa kawaida huja zikiwa tayari ni maji mazito. Ukiifungua chupa ukakuta ni majimaji tangu mwanzo, usitie chochote. Tikisa tu, upime, umpe.

Sasa tuje kwenye kutikisa. Kwa nini kila mara, wakati tulitikisa vizuri siku ya kwanza?

Kwa sababu unga huu hauyeyuki wote kama sukari kwenye chai. Chembe za dawa zinaelea ndani ya maji kwa muda, kisha zinazama taratibu. Usiku kucha chupa ikisimama kabatini, dawa imelala chini na juu kumebaki maji matamu yenye rangi. Anayemimina bila kutikisa anampa mtoto maji matamu siku za mwanzo, zile ambazo ugonjwa una nguvu zaidi. Siku za mwisho, kitako cha chupa kinapofikiwa, mtoto anapata dozi nzito kupita kiasi, na tumbo linaanza kumsumbua. Jumla ya dawa ni ileile iliyotoka dukani, lakini haikuwahi kuwa dozi.

Kutikisa kwa kweli si kuyumbisha mara mbili huku unazungumza na simu. Hakikisha kifuniko kimefunga, pindua chupa juu chini mara kadhaa kwa nguvu, kisha itazame kitako ukiinua kwenye mwanga. Kama bado kuna tabaka lililolala chini, endelea. Mimina mara moja ukishatikisa. Ukitikisa, ukaenda kumtafuta mtoto aliyejificha uvunguni, ukirudi tikisa tena.

Nyumba zetu zina wahudumu wengi. Asubuhi mama kampa dawa, mchana bibi, usiku baba. Je, bibi ameonyeshwa? Dada wa kazi je? Mara nyingi tunawaambia "kijiko kimoja" tukasahau neno "tikisa". Waonyeshe kwa vitendo mbele yao, waitikise wao wenyewe, na waambie saa: kwa mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku zinagawana vizuri. Karatasi ndogo ukutani yenye alama ya vema kila dozi inapotolewa itawazuia wawili kumpa mara mbili, au wote wawili kudhani mwenzake ameshampa.

Tumefika kwenye siku. Chupa hii ina tarehe mbili. Ya kwanza imechapishwa na kiwanda, labda ni ya mwaka kesho au keshokutwa, na inahusu unga mkavu. Ya pili haijaandikwa na mtu yeyote, kwa sababu kiwanda hakijui utatia maji lini. Hiyo ni yako kuiandika. Chukua kalamu, andika kwenye lebo: siku na saa uliyochanganya, na siku ya kutupa.

Siku ngapi? Soma lebo, kwa maana dawa hazilingani. Amoksilini nyingi zinazouzwa kwetu zimeandikwa siku 7, nyingine 14. Amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki nyingi huandikwa siku 7, na hizo ni siku 7 ndani ya jokofu. Azithromisini nyingi huandikwa siku 5 au 10, na kwa kawaida hazihitaji jokofu. Ukichanganya ya siku 7 Jumatatu jioni, mwisho wake ni Jumatatu inayofuata jioni. Lebo ikiwa na maandishi madogo au lugha usiyoisoma, mwombe mtoa dawa akuandikie kwa kalamu kabla hujaondoka dirishani.

Na wasio na jokofu, ambao ndio wengi wetu? Msivunjike moyo, lakini semeni mapema. Mwambie mtoa dawa, "Nyumbani sina jokofu," kabla hajafunga mfuko. Amoksilini ya kawaida, kama lebo yake inaruhusu, inaweza kukaa mahali penye ubaridi na kivuli, mbali na jiko, dirisha na bati. Tatizo ni kwamba lebo nyingi husema chini ya nyuzijoto 25, na sisi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tunajua vyumba vyetu vilivyo mwezi wa pili. Kuiweka chupa, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, kando ya mtungi wa udongo wenye maji kunasaidia kupunguza joto. Hakuifanyi sehemu hiyo kuwa jokofu. Dawa inayodai jokofu, kama ile yenye klavulaniki, isichukuliwe kwa matumaini.

Hapo kuna njia nyingine nzuri ambayo wengi hawaiombi: vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji. Shirika la Afya Duniani na Unisefu wanavipendekeza kwa nimonia ya watoto chini ya miaka mitano. Kila kidonge kimefungwa chenyewe, unakitia kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama wakati wa dozi, kinasambaa, mtoto anakunywa. Hakuna alama ya kufuata, hakuna jokofu, hakuna chupa ya kuhesabia siku. Uliza kama vipo. Ukiviona kituoni kwako, usidhani umenyimwa dawa nzuri ya maji.

Wenye jokofu, chupa ikae rafu ya katikati, ikiwa imesimama. Isiwekwe kwenye sehemu ya kugandishia, wala mlangoni penye kufunguliwa mara kwa mara. Na tafadhali iwe mbali na mikono ya watoto, kwa sababu utamu wake wanaujua.

Wakati mwingine daktari ameandika siku 10 na chupa inaishi siku 7, au hesabu ya vijiko inapita chupa moja. Kwa mfano, kijiko cha mililita 5 mara tatu kwa siku, kwa siku saba, ni mililita 105. Chupa ya 100 haitoshi. Utapewa chupa mbili. Usizichanganye zote siku ya kwanza. Ya pili ibaki kavu mpaka ya kwanza iishe au siku zake zikatike, ndipo uitie maji na kuiandikia tarehe yake.

Tumalizie na kile kinachobaki. Tumeona kwamba hata anayefuata kila kitu anaweza kubaki na vijiko 5. Hilo ni la kawaida, halina lawama. Lakini kuna baki la aina nyingine: mtoto amepata nafuu siku ya tatu, amerudi kucheza, dawa ikasahaulika. Hapo huenda bado kuna vijidudu ambavyo havijamalizwa. Mpe mpaka siku alizoandikiwa ziishe, na kama una shaka, muulize aliyemwandikia.

Siku zikiisha, je, ile robo ya chupa tuihifadhi kwa homa ijayo? Najua inavyouma. Dawa imegharimu hela, na mtoto wa jirani anakohoa. Ila tazama kilichomo: nguvu yake inapungua kila siku, na jicho haliwezi kuipima. Rangi ikigeuka manjano iliyokolea au hudhurungi, au harufu ikibadilika, hapo imeharibika waziwazi. Lakini inaweza kuonekana nyeupe na kunukia chungwa vilevile huku sehemu ya dawa imeshakufa. Mtoto wa jirani naye huenda ana mafua tu, ambayo antibiotiki haiyagusi, au ana nimonia inayotaka dozi kamili ya siku kamili, na vijiko vitano haviwezi kuwa hiyo. Dozi pungufu inaua vijidudu dhaifu na kuviachia nafasi vile sugu. Ukitaka kumsaidia jirani, mpelekee mtoto kituoni.

Kutupa nako kuna namna yake. Uliza kwanza kama duka la dawa au kituo kinapokea dawa zilizobaki. Kama hakipokei, usiimwage kwenye sinki, mtaro wala kisimani. Mimina kwenye mfuko wenye majivu, mchanga au majani ya chai yaliyotumika, changanya, funga kabisa, utie kwenye taka zinazokusanywa, mahali mtoto na kuku hawafiki.

Chupa yenyewe futa maandishi au bandua lebo kisha uitupe nayo. Isioshwe ikawekewa mafuta ya taa, dawa ya mbu au asali. Iko hatari ya wazi kwa chupa yenye picha ya chungwa kubeba mafuta ya taa ndani ya nyumba yenye mtoto aliyezoea kuiona ikimletea kitu kitamu.